Msamaha Uliotiwa Saini

Moto ulianzia kwenye pasi. Hilo lilijulikana kabla hata moshi haujapungua, maana Dobi mwenyewe alilitangaza. Alisimama katikati ya barabara, furushi la nguo za watu begani, akipiga kelele: "Ni mimi! Ni pasi yangu! Umeme ulikatika nikaondoka bila kuchomoa!"

Hakuna aliyemuuliza. Watu walikuwa na ndoo mikononi.

Nyumba yenyewe ni ya vyumba vya kupangisha, vitatu vinatazama barabara na vitatu vimegeukia uani, na bomba la maji katikati. Mtaa mzima unaiita kwa Sista, kwa sababu mwenye nyumba alikuwa muuguzi hadi alipostaafu, na hata leo mtu akijikata kisu hapiti kwanza hospitali, anapita kwake. Alijenga kidogo kidogo na marehemu mumewe, mabati ya mwaka huu, sakafu ya mwaka ule. Yeye anakaa chumba cha nyuma karibu na bomba. Kodi za vyumba vingine ndizo zinazomlisha.

Zimamoto walifika paa la mbele likiwa limeshalala chini. Chumba cha Dobi kilibaki kuta. Cha jirani yake, Mama Pacha, kilikuwa cheusi tangu darini hadi kizingitini. Cha tatu kilipoteza mabati na nyaya. Pacha wenyewe walikuwa shuleni, mama yao alikuwa bombani, na Dobi alikuwa amekwenda kupeleka suti ya mteja. Hakuna aliyeunguzwa hata ukucha, na Sista aliposhahakikisha hilo kwa kumgeuza kila mtu mbele na nyuma kwa mikono yake mwenyewe, ndipo alipokaa chini kwenye ngazi.

"Mama," alisema mwanawe, "tuna bima."

"Najua tuna bima. Niache kwanza nitetemeke."

Mwanawe huyo anaitwa Brashi, kwa sababu ya kazi. Ndiye aliyeandika mabango ya nusu ya maduka ya barabara ile, na ana mwandiko ambao hata anayemchukia anausifu. Anajua kwamba anasifiwa. Asubuhi iliyofuata alitoa meza uani, akaifuta majivu, akaweka karatasi nyeupe, akavuta pumzi kama mtu anayetaka kupiga mbizi.

Sista alikuja na hati ya bima ndani ya mfuko wa plastiki. Ukurasa wa kwanza ulikuwa umechakaa kwa kusomwa: jina lake, namba ya hati, maelezo ya nyumba. Hapo palikuwa pameandikwa wazi kwamba chumba kimoja cha mbele ni cha biashara ya dobi. Yeye mwenyewe ndiye aliyesisitiza liandikwe, siku ile wakala wa bima alipomwambia kwamba si lazima. Kurasa za nyuma, zenye maandishi madogo, zilikuwa bado zimeshikana pembeni kama zilivyotoka kiwandani.

"Anza," alisema. "Waheshimiwa."

"Hatuandiki waheshimiwa, Mama. Tunaandika kwa meneja."

"Meneja si mheshimiwa?"

Walienda hivyo, sentensi kwa sentensi, hadi walipofika kwenye chanzo cha moto. Hapo Brashi aliweka kalamu chini.

"Tuseme chanzo hakijajulikana."

"Kimejulikana. Kilipiga kelele barabarani."

"Mama, hawa ni kampuni. Usiwape kitu ambacho hawajakuomba."

"Zimamoto wameshaandika pasi. Polisi wameandika pasi. Halafu mimi niandike sijui? Watanionaje?" Alimgongea meza kwa kidole. "Nimejaza vyeti vya wagonjwa maisha yangu yote. Ukificha kitu mwanzoni, kila unachosema baadaye kinanuka. Andika pasi."

Brashi aliandika pasi. Na barua ilipokamilika ilikuwa hivi:

*Kwa Meneja, Idara ya Madai.*

*Kuhusu: Taarifa ya moto katika nyumba ya kupangisha, na ombi la fomu za madai.*

*Mimi ni mwenye nyumba iliyokatiwa bima kwenu kwa hati yenye namba iliyoandikwa hapo juu. Jana alasiri nyumba hiyo iliungua. Chumba cha mbele, ambacho hati inakitaja kuwa cha biashara ya dobi, kimeteketea pamoja na paa lake. Chumba cha pili kimeungua dari, mlango na dirisha. Chumba cha tatu kimepoteza mabati na nyaya za umeme. Vyumba vya nyuma vimeingiwa na moshi na maji tu. Hakuna mtu aliyeumia.*

*Kwa maelezo ya mpangaji mwenyewe na ya zimamoto, moto ulisababishwa na pasi ya umeme iliyoachwa juu ya meza umeme ulipokatika. Umeme ulirudi wakati mpangaji ametoka.*

*Nimetoa taarifa polisi. Ripoti ya zimamoto nitaileta mara nitakapoipata. Sijaondoa wala kutengeneza kitu chochote, isipokuwa nimefunika palipo wazi kwa turubai ili mvua isiongeze uharibifu. Naomba mnipatie fomu za madai, na mumtume mtu wenu aje kukagua mapema iwezekanavyo, kwa kuwa wapangaji wangu hawana pa kukaa.*

Sista aliisoma mara mbili, akatia saini. Brashi aliipeleka mwenyewe ofisini kwao, akagongewa muhuri wa kupokelewa kwenye nakala, akarudi nayo ameishika kama cheti cha ndoa.

"Wamesema fomu zitakuja na mkadiria hasara," alisema. "Tungoje."

Wakangoja.

Kungoja si kazi ngumu kwa mtu mwenye paa. Mama Pacha na watoto wake walihamia kwenye chumba cha Sista, magodoro ukutani mchana, sakafuni usiku. Mpangaji wa chumba cha tatu alikwenda kwa nduguye. Dobi hakuwa na pa kwenda. Alijibanza kwenye kibaraza cha nyuma, juu ya beseni lililopinduliwa, na hapo ndipo wateja walipomfuata.

Walikuja mmoja mmoja. Mwenye suti ya harusi iliyoteketea. Mwenye sare za kazini. Mama mmoja aliyekuwa ameleta mapazia ya sebule nzima. Wengine walimhurumia, wakaondoka. Wengine walimtukana mpaka wakachoka. Dobi hakujibu hata neno moja. Alikuwa mtu wa maneno mengi, huyu, aliyezoea kumtania kila mteja kwa doa lililoko kwenye shati lake, "hili ni la mchuzi au la dhambi?" Sasa alikuwa anatazama magoti yake.

"Hajala," alisema Mama Pacha siku moja, akimkabidhi Sista sahani Dobi aliyoirudisha vile vile. "Nimemwambia hata kama umenichomea kabati, kula basi, nisije nikakuzika na kabati sina. Hakucheka."

"Hakucheka?"

"Hata meno hakuonyesha."

Sista alikwenda kukaa naye kibarazani. Alikuwa amewaona watu wa namna hii wodini, wale wanaogeukia ukuta. Homa inashuka, dawa zinafanya kazi, lakini mtu ameshafunga mlango kwa ndani.

"Mwanangu," alisema. "Unafikiria nini?"

"Nafikiria nyumba yako, Sista."

"Nyumba ina bima."

"Na mimi? Mimi nina nini?" Sauti ilimtoka kama ya mtu asiyeizoea tena. "Mwenye suti amesema atanipeleka mahakamani. Na wewe ukitaka unaweza. Nikilala nakuona umesimama mbele ya hakimu, unaninyooshea kidole. Nilikuwa na pasi moja tu, Sista. Hata hiyo imeyeyuka."

"Mimi nikunyooshee kidole? Nimekupangisha tangu hujaota ndevu."

"Binadamu hubadilika. Na wewe utakufa, Mungu akuepushie, warithi wako watanikuta hapa hapa."

Sista alimtazama. Kisha aliinuka, na magoti yake yakalia.

"Brashi! Lete kalamu. Ile ile."

Hivi ndivyo ilivyoandikwa karatasi ya pili, kwenye meza ile ile, siku chache baada ya ile ya kwanza. Sista alitaka sentensi moja tu, kwamba amemsamehe. Lakini Brashi aliona sentensi moja ni nyepesi mno. Ukimwandikia mtu aliyeogopa namna hii, alisema, lazima umwandikie kitu ambacho wakili akikisoma anajikuna kichwa. Akaketi, akaandika, akafuta, akaandika tena, midomo ikicheza:

*Mimi, mwenye nyumba, kwa hiari yangu na akili timamu, namsamehe mpangaji wangu, dobi wa chumba cha mbele, hasara yote iliyotokana na moto. Simdai na sitamdai, leo wala kesho, mimi wala warithi wangu wala mtu yeyote atakayesimama mahali pangu. Neno hili sitalirudisha.*

"Wala mtu yeyote atakayesimama mahali pangu," Mama Pacha alirudia, akitikisa kichwa kwa kuridhika. "We Brashi, ungekuwa hakimu tungefungwa wote."

Sista akatia saini. Mama Pacha akatia saini kama shahidi. Dobi aliichukua ile karatasi kwa mikono miwili, akaisoma hadi mwisho, akaikunja mara nne, akaiweka kwenye mfuko wa shati juu ya moyo. Jioni ile alikula. Kesho yake aliazima pasi ya mkaa kutoka mtaa wa pili, akafungua kazi chini ya turubai, na mteja wa kwanza alipoleta shati lenye doa, Sista alimsikia kutoka chumbani akiuliza, "Hili ni la mchuzi au la dhambi?"

Sista alicheka peke yake hadi akajipangusa macho. Kwa muda kidogo ilionekana kwamba mambo yamekaa sawa.

Mkadiria hasara alikuja na viatu vizito na mkoba wa ngozi. Alikuwa mtu mpole, mwenye sauti ya chini. Alipima chumba cha Dobi kwa utepe, akapiga picha za mbao zilizobaki, akachungulia nyaya, akaokota mabaki ya pasi kwa penseli kana kwamba ni mjusi aliyekufa. Alimpa Sista fomu, akamwelekeza sehemu za kujaza: maelezo ya mali, thamani ya matengenezo kwa makadirio ya mafundi wawili, ripoti ya zimamoto, ripoti ya polisi. Alikuwa na nakala ya barua mkononi.

"Nani aliandika hii?"

"Mimi," alisema Brashi.

"Nimesoma barua nyingi kazini kwangu. Wengi wanaandika moto umeunguza kila kitu, naomba msaada. Hii imekamilika. Inasema chanzo, haijagusa ushahidi, imezuia hasara isizidi." Alimgeukia Sista. "Mama, nikwambie ukweli, dai hili ni safi. Sioni tatizo."

Brashi alijinyoosha. Sista alimwambia mkadiria akae, akamletea maji ya kunywa kwenye glasi isiyo na ufa. Mama Pacha alianza kuzungumzia rangi ya dari.

Mkadiria alimwita Dobi kuchukua maelezo yake. Dobi alieleza bila kuficha: umeme ulikatika, pasi ilikuwa imelala juu ya kitambaa, akaona autumie muda huo kupeleka suti, akasahau kuchomoa. Mkadiria aliandika. Kisha akauliza, bila hata kuinua kichwa, kama mtu anayefunga jambo:

"Mmefikia makubaliano yoyote, ninyi wawili?"

"Ndiyo," Sista alisema, na uso wake uling'aa. "Nimemsamehe."

Kalamu ilisimama.

"Umemsamehe kwa mdomo?"

"Kwa maandishi." Dobi alikuwa ameshatia mkono mfukoni. Aliitoa ile karatasi, akaikunjua, akampa. "Ndiyo inayonifanya nilale, mheshimiwa."

Mkadiria aliisoma taratibu. Akarudi juu, akaisoma tena. Akaiweka juu ya mkoba wake, akaipiga picha, na akairudisha kwa mwenyewe huku akiwa ameishika kwa ncha za vidole.

"Nani aliandika hii?"

"Mimi," alisema Brashi, lakini safari hii sauti yake ilikuwa na swali ndani.

"Umeandika vizuri," alisema mkadiria. "Vizuri sana." Akafunga mkoba. "Nitapeleka ripoti yangu. Mtaitwa."

Alipoondoka maji yake yalikuwa yamebaki kwenye glasi.

Hawakuitwa haraka. Kwanza ilikuja barua fupi, inayosema kampuni imepata taarifa kuwa mwenye bima alimwachilia mhusika wa hasara kabla dai halijashughulikiwa, kinyume cha sharti la hati, na kwa hiyo haiko katika nafasi ya kulipa. Brashi aliisoma kwa sauti uani. Alipofika mwisho, pacha mmoja aliuliza kama sasa watapata dari ya bluu au hawatapata.

Walipoitwa, walikwenda watatu ofisini kwa bima: Sista na gauni lake la kanisani, Brashi amenyoa, Dobi na shati alilolipiga pasi mwenyewe mpaka kola ikasimama kama kadi. Afisa wa madai aliwapokea katika chumba chenye kiyoyozi kilichokuwa kinadondosha maji ndani ya ndoo. Alikuwa msichana wa umri wa Brashi, mwenye heshima, na alikuwa amefungua hati ya Sista kwenye zile kurasa za nyuma.

"Mama yangu, kaa. Nitakueleza pole pole." Akageuza hati ili Sista aweze kuona. "Kampuni ikikulipa, inachukua mahali pako. Ile haki uliyokuwa nayo ya kumdai aliyesababisha hasara inakuwa yetu. Tunakulipa wewe, halafu sisi tunamdai yeye. Ndiyo maana hapa inasema usimwachilie mtu yeyote bila ruhusa yetu. Wewe ulimwachilia. Sasa hata tukikulipa, hatuna wa kumdai."

"Lakini yeye mwenyewe hana kitu!" Brashi alisimama. "Mtamdai nini? Pasi ya mkaa ya kuazima? Mmepoteza nini hapo? Niambie, mmepoteza nini?"

"Kaka, kaa."

"Sikai! Mama yangu amelipia bima hii hajakosa hata mara moja. Amewaambia ukweli kila mstari. Angesema uongo mngemlipa!"

Tone la maji lilianguka kwenye ndoo.

"Labda," alisema. "Sitakudanganya. Na kama mnaona tumekosea, mna haki ya kulalamika kwa mamlaka inayosimamia bima, na ninawaandikia anwani sasa hivi. Inachukua muda, lakini ni haki yenu." Aliandika, akakata kipande, akampa. "Kampuni haiangalii alichonacho mtu leo. Inaangalia kama mlango ulikuwa wazi au umefungwa. Mlango huu umefungwa, tena…" alitazama nakala ya picha iliyokuwa mbele yake, "wala mtu yeyote atakayesimama mahali pangu. Hapo ndipo sisi tulipopaswa kusimama. Sijawahi kuona mtu akiufunga vizuri hivi."

Brashi alikaa.

"Hakuna njia?" Sista aliuliza.

Afisa alisita. Akafungua droo, akatoa karatasi iliyochapwa.

"Niliuliza kwa wakubwa kabla hamjafika, kwa sababu barua yako iliwagusa. Wamesema iko moja. Msamaha huu ni makubaliano ya watu wawili. Watu wawili hao hao wakikubaliana kuufuta, wote kwa hiari, na yeye akakubali kwamba anadaiwa kama ilivyokuwa mwanzo, dai linafunguliwa tena. Ni saini mbili tu."

Dobi alikuwa ameshavuta kiti karibu na meza.

"Kalamu iko wapi?"

"Subiri kwanza," Sista alisema.

"Hapana, Sista. Nisubiri nini? Wewe unalala na watoto wa watu juu ya miguu yako. Nipe kalamu." Alichukua ya afisa, akaandika jina lake kwa herufi kubwa, polepole, ulimi nje kidogo. Kisha akatoa ile karatasi iliyokunjwa mara nne mfukoni, akaiweka juu ya meza, akaipapasa mara moja kwa kiganja kama mtu anayenyoosha shati. "Haya. Sasa wewe."

Karatasi ya kufuta msamaha ilisukumwa mbele ya Sista. Alivaa miwani. Aliisoma kama alivyozoea kusoma chati ya dawa, kidole kikifuata kila mstari.

"Nikitia saini," alimuuliza afisa, "mtamfanya nini huyu?"

"Tutamwandikia barua ya kudai."

"Asipolipa?"

"Wanasheria wetu watampeleka mahakamani."

"Mahakama ikisema alipe?"

"Atalipa kidogo kidogo. Kama ana kifaa cha kazi kinaweza kuchukuliwa. Kama amepata kazi, mshahara unakatwa."

"Mpaka lini?"

Afisa alitazama ndoo. "Mpaka iishe, mama."

"Haitaisha."

"Ndiyo. Kwa hesabu ya dobi, haitaisha."

"Mama," Brashi alisema kwa sauti ya chini. "Mama, tafadhali. Mwenyewe amekubali. Hujamlazimisha. Tia saini."

"Tia, Sista," alisema Dobi. "Mimi ni mzima, nina mikono. Tia."

Sista aliishika kalamu. Aliishika kwa muda mrefu kiasi kwamba afisa alianza kupanga vitu vilivyokuwa vimepangika juu ya meza. Kisha akatazama shati la Dobi, pale mfukoni ambapo palikuwa na alama ya mstatili, kwa kuwa karatasi ile ilikaa hapo kila siku na kitambaa kilikuwa kimechukua umbo lake. Akaweka kalamu chini.

"Siwezi."

"Mama!"

"Siwezi, Brashi. Usinipigie kelele. Ningekuwa naweza ningetia." "Niliona alivyokuwa. Wewe hukumwona vizuri, ulikuwa unatafuta maneno. Mimi nilimwona. Nikimrudisha pale, nyumba mpya nitaikaa vipi? Nitamsikiaje akipita?"

Akaichukua ile karatasi iliyokunjwa, akaisukuma kurudi kwa Dobi. Dobi hakuipokea. Ilibaki katikati ya meza, na mwishowe ni afisa aliyeichukua, akazunguka meza, na kuitia mwenyewe mfukoni kwa Dobi, kwa aibu, kama mtu anayemvalisha mtoto.

Walirudi kwa miguu, ingawa ni mbali. Brashi alitangulia. Alikuwa na hasira na kampuni, na mama yake, na Dobi, na mkono wake wa kuume. Alipofika nyumbani aliandika barua ya malalamiko kwa ile mamlaka, yenye moto kiasi kwamba alilazimika kuirarua na kuiandika upya mara kadhaa hadi ikabaki na adabu. Akaipeleka. Hadi leo haijajibiwa.

Dobi alimfuata Sista hadi bombani, akasimama pale, mikono ikining'inia.

"Ulinisamehe mara ya kwanza nikalala," alisema. "Sasa umefanya nini? Mwenye suti nitamlipa, nitakufa nimemlipa. Wewe nitakulipa nini?"

"Sitaki kitu."

"Ndiyo hiyo sasa. Hutaki kitu." Alikaribia kucheka, ikashindikana. "Bora ungenipeleka kwa hakimu, Sista. Hakimu anataja kiasi."

Sista alifungua bomba, akanawa uso. Alikuwa na jibu la homa, la kidonda, la mtoto anayekataa kunyonya, lakini si la hilo.

Juma lile lile upepo ulianza, ule unaotangulia mvua. Ulikuja mchana, ukabeba vumbi la barabara na mifuko ya plastiki, ukaingia chini ya turubai la chumba cha mbele na kulivimbisha kama tumbo. Kamba ya kona moja ilikatika. Dobi aliacha pasi ya mkaa, akaishika kona hiyo. Brashi alitoka mbio na brashi bado mkononi, akashika ya pili. Sista akaja, na gauni likimpiga miguuni, akashika ya tatu.

"Mama Pacha!" Brashi alipaza sauti. "Mama Pacha, njoo!"

"Amekwenda kuwachukua watoto," alisema Sista.

Kona ya nne ilikuwa inapigapiga ukuta mweusi, juu, mahali ambapo hakuna aliyeweza kuifikia bila kuachia yake. Matone ya kwanza yakaanza kuanguka juu ya nguo za watu zilizokuwa zimekunjwa mezani. Dobi aliyatazama. Aliitazama kona ile, akawatazama mama na mwana, na hakuna hata mmoja wao aliyeachia.

"Shikeni," alisema Sista. "Shikeni tu."